Asetilini 14 ppm kwenye transfoma ya MVA 15: ni cheche au ni joto?

#1 Binti Koili
Wakuu, habari za kazi. Nina ripoti mbili za gesi kwenye mafuta ya transfoma moja ya 33/11 kV, MVA 15, ina tapu chenja inayobadili ikiwa na mzigo. Mafuta ni lita 9,000 hivi. Kati ya sampuli ya kwanza na ya pili imepita miezi sita, na katikati hapo mafuta hayajachujwa wala kuongezwa. Namba zote ni ppm; H2 ni haidrojeni, CH4 methani, C2H6 ethani, C2H4 ethilini na C2H2 asetilini:

```
        kwanza   sasa
H2        28     165
CH4       22     310
C2H6      14      95
C2H4      30     560
C2H2       0      14
CO       310     340
CO2     2900    3100
```

Kituoni tumegawanyika. Upande mmoja unasema asetilini ikionekana tu basi ndani kuna cheche, izimwe leo. Upande mwingine unasema hili ni joto, tupunguze mzigo na tuifuatilie. Nyie mnasomaje? Naomba na sababu, nikaitetee mezani.

#2 Kisu cha 33
Izimeni. Asetilini haitokei kwa joto la kawaida, inahitaji joto kali sana ambalo linapatikana kwenye cheche tu. Kutoka sifuri hadi 14 ndani ya miezi sita maana yake kuna kitu kinapiga. Mkisubiri, rilei ya Buchholz, ile inayonasa gesi juu ya tangi, ndiyo itakayowazimia.

#3 Nguzo Tatu
Mkuu, mafuta yamepimwa BDV, yaani volti yanayostahimili kabla ya kupitisha cheche? Yakivuka kilovolti 60 mafuta bado ni mazima na hizo gesi zisiwatishe. Ya kwetu yanasoma 62, tunaendelea kupiga kazi.

#4 Sirinji ya Kioo
@Nguzo Tatu, BDV inakuambia kama kuna maji na uchafu. Gesi ikiwa imeyeyuka haishushi BDV. Mafuta yanaweza kusoma 65 huku kiungo ndani kinaungua, na yanaweza kusoma 30 huku hakuna hitilafu yoyote zaidi ya silika jeli iliyochoka. Swali la dada hapo juu linahusu kipimo kingine kabisa.

Sasa nirudi kwenye namba. Anza na gesi zilizoongezeka, usianze na gesi inayotisha. Joto likipanda taratibu, mafuta yanatoa methani na ethani kwanza. Likivuka nyuzi 300 ethilini inaanza kutawala, na kufikia 700 kwenda juu ethilini inakuwa nyingi kuliko zote, ikifuatana na asetilini kidogo. Cheche zenyewe zinatoa haidrojeni na asetilini kwa wingi, na ethilini inakuja nyuma yao. Kwenye ripoti hii ethilini imeongezeka 530 na asetilini 14 tu. Kwa hiyo @Kisu cha 33 ana haki kwamba asetilini inahitaji joto kali, ila chuma kilichochemka kupita nyuzi 700 kinaweza kulifikia joto hilo bila cheche hata moja.

Piga uwiano mwenyewe uone:

```
C2H2/C2H4 = 14/560  = 0.03
CH4/H2    = 310/165 = 1.9
C2H4/C2H6 = 560/95  = 5.9
```

Kwa jedwali la IEC 60599, uwiano wa kwanza chini ya 0.2, wa pili juu ya 1 na wa tatu juu ya 4 ni T3, yaani joto la zaidi ya nyuzi 700. Ingekuwa cheche kali, uwiano wa kwanza ungekuwa angalau 0.6 na wa pili ungeshuka chini ya 1.

#5 Mtaa wa Swichi
Hapo kwenye CH4/H2 msiuamini sana kabla hatujajua sampuli ilichukuliwaje. Haidrojeni ndiyo ya kwanza kutoroka. Ukitumia chupa ya plastiki, au sirinji yenye bomba lisilobana, au ukiiacha juani siku nne garini, haidrojeni inapotea na huo uwiano unapanda wenyewe. Cheche inaweza kuvaa sura ya joto namna hiyo. @Binti Koili, ilichukuliwaje?

#6 Binti Koili
@Mtaa wa Swichi, sirinji ya kioo ya mililita 50 yenye koki ya njia tatu, ikafika maabara siku ya tatu. Kuhusu kuchukua kwenyewe sikuwepo.

#7 Sirinji ya Kioo
Hoja ya #5 ni ya maana, na ndiyo sababu napenda kuihakiki kwa pembetatu ya Duval, kwa kuwa haigusi haidrojeni kabisa. Unachukua methani, ethilini na asetilini peke yake. Tena tumia ongezeko, siyo jumla, ili gesi za zamani zisikuharibie picha:

```
CH4   310-22 = 288   34.6%
C2H4  560-30 = 530   63.7%
C2H2   14-0  =  14    1.7%
jumla          832
```

Ethilini zaidi ya asilimia 50 na asetilini chini ya 15: uko T3 tena, tena mbali na mpaka. Asetilini ingetakiwa kupanda mpaka karibu 145 ppm ndipo nukta ivuke kwenda eneo la mchanganyiko wa joto na cheche. Kwa hiyo hata kama nusu ya haidrojeni ilitoroka njiani, hukumu inabaki joto.

Kwa sampuli inayofuata, dada, simamia mwenyewe. Kabla ya kufungua valvu ya chini hakikisha tangi halivuti hewa kwa ndani, maana povu likiingia likapanda kwenye koili yenye umeme ni hatari. Futa mdomo wa valvu, mwaga lita mbili kwenye ndoo ili mafuta yaliyolala bombani yatoke. Jaza sirinji kidogo, sukuma nje, halafu jaza tena polepole kwa nguvu ya mafuta yenyewe. Usivute pistoni kwa mkono, ukivuta unatengeneza ombwe na gesi inatoka kwenye mafuta. Zungushia karatasi nyeusi, andika joto la mafuta na mzigo wa saa ile. Mafuta yakipoa kikajitokeza kiputo ndani ya sirinji, kiache hivyo hivyo. Gesi yako imo humo, na maabara watairudisha kwenye hesabu.

#8 Kisu cha 33
Sawa, uwiano nimeuona. Lakini transfoma ina tapu chenja, na daiveta, swichi yake inayohamisha mzigo, inapiga cheche kila inapobadili, ndiyo kazi yake. Mafuta yake yakivuja kuingia tangi kuu utapata asetilini bure. Kwa hiyo hapa yapo mambo mawili kwa pamoja: kiungo kinachemka, na chemba ya daiveta inavuja. Mimi bado nasema asetilini ni ya cheche, ila cheche za daiveta.

#9 Mzee wa Bushingi
Wazo zuri na linapimika. Daiveta ikivuja, asetilini inayoingia inakuwa nyingi kuliko haidrojeni, kwa sababu haidrojeni ya chemba ile inakimbilia hewani huku asetilini ikibaki kwenye mafuta. Asetilini ikizidi haidrojeni mara mbili au tatu, shuku uvujaji. Hapa ni 14 kwa 165, haifiki hata moja ya kumi. Hiyo hainishawishi.

Hata hivyo usiifute kabisa, kwa sababu haidrojeni ya kiungo kinachochemka inaweza kuuficha uvujaji mdogo. Angalia kiwango cha mafuta kwenye vioo viwili vya tangi la juu, upande wa tangi kuu na upande wa tapu chenja. Vikianza kulingana wakati zamani vilikuwa tofauti, kuna mlango umefunguka kati yao. Angalia pia kama pande hizo mbili zinapumua kwa nafasi moja ya hewa, maana hapo gesi inahama kwa juu bila tone la mafuta kuvuja.

#10 Chaji Baridi
Jamani, hii ya kwangu mniangalizie na mimi. Ni transfoma nyingine, ilitripu kwa Buchholz, sampuli ya mafuta ilichukuliwa kesho yake. H2 420, CH4 95, C2H6 12, C2H4 130, C2H2 210, CO 390. Kabla ya hapo asetilini ilikuwa haionekani. Kuna anayesema ni joto kwa sababu ethilini ipo.

#11 Sirinji ya Kioo
@Chaji Baridi, hii weka kando ya ile ya #1 uone tofauti ilivyo wazi. Haidrojeni inaongoza, asetilini inaifuata na imeizidi ethilini. Ethilini huwa ipo kwenye cheche pia, kwa hiyo kuwepo kwake hakusemi kitu. Kinachosema ni iko ngapi ukiilinganisha na asetilini.

C2H2/C2H4 ni 1.6, CH4/H2 ni 0.23, C2H4/C2H6 ni karibu 11. Jedwali la IEC lina tatizo hapa: namba hizo zinaingia kwenye D1, cheche za nishati ndogo, na vilevile kwenye D2, cheche za nishati kubwa. Masafa ya safu hizo mbili yanapishana. Pembetatu inaamua: methani 21.8, ethilini 29.9, asetilini 48.3. Ethilini imevuka 23, kwa hiyo D2. Usiirudishe kwenye umeme eti rilei ilipigwa na mtikisiko. Pima koili kwanza.

#12 Mzee wa Bushingi
Na gesi iliyokusanyika juu ya rilei mliichukua? Hiyo nayo inaongea. Asetilini inapenda sana mafuta. Kwenye nyuzi 20, ikishatulia, lita moja ya mafuta inabeba asetilini mara 1.2 ya iliyomo kwenye lita moja ya gesi iliyo juu yake. Haidrojeni ni 0.05 tu. Sasa tuseme gesi ya rilei ina asetilini asilimia 5, ambayo ni ppm 50,000. Ingekuwa imetoka polepole, mafuta yangekuwa na kama 60,000. Mafuta yako yana 210. Maana yake gesi ilizaliwa kwa mkupuo na kupanda juu kabla mafuta hayajapata nafasi ya kuimeza. Gesi ya rilei na gesi ya mafuta zikikaribia kulingana kwa hesabu hiyo, ni kitu cha polepole kilichojaza mafuta mpaka yakashindwa.

#13 Chaji Baridi
Haikuchukuliwa, walifungua koki wakaipumua yote nje ili waweze kureset.

#14 Mzee wa Bushingi
Basi ushahidi mzuri kuliko wote umeenda hewani. Waambie zamu ijayo: sirinji kwanza, koki baadaye. Na asiwepo mwenye kiberiti karibu, hiyo ni haidrojeni na asetilini.

#15 Shamba la Nguzo
Sisi wa vijijini tuna transfoma za kVA 100 na 200 juu ya nguzo, hazina hata valvu ya sampuli. Na wezi wa mafuta wakipita, kesho unajaza mapya. Tunapimaje hapo?

#16 Mtaa wa Swichi
@Shamba la Nguzo, kwa ukubwa huo gharama ya kipimo na usafiri mara nyingi haiendani na thamani ya transfoma, tumia kamera ya joto na ukaguzi wa macho. Ila umegusa jambo linalowahusu hata wenye kubwa. Ukijaza mafuta mapya, au ukichuja kwa mashine ya ombwe, gesi zote zinashuka karibu na sifuri na historia yako imefutika. Wiki chache baadaye zinapanda tena kidogo, kwa kuwa karatasi ya koili ilikuwa imenyonya mafuta ya zamani na sasa inayarudisha. Watu huona mpando huo wakashtuka. Chukua sampuli moja kabla ya kuchuja, nyingine mara baada ya kuchuja, nyingine baada ya wiki mbili hadi nne, na hiyo ya mwisho ndiyo uifanye msingi wa kulinganishia.

#17 Binti Koili
Asanteni sana. Kwa hiyo joto nimelikubali. Swali linalofuata mezani ni wapi. Kiini cha chuma, kontakti za selekta inayochagua tapu, au kiungo cha bushingi? Na CO imepanda 30 tu, je, ina maana karatasi haijaguswa?

#18 Pita Juu
CO haijapanda, CO2 haijapanda, basi ni chuma kitupu ndani ya mafuta. Karatasi ingeungua CO ingeruka. Kwa T3 ya namna hii mimi naangalia kiini kilichoshika athi sehemu mbili. Mkondo unazunguka kwenye kiini, unachemsha sehemu moja. Weka klampu mita kwenye waya wa athi wa kiini: miliampu chache ni kawaida, ukiona ampea kadhaa umeshaipata.

#19 Sirinji ya Kioo
@Pita Juu, kuhusu karatasi nenda taratibu. Transfoma hii ilikuwa na CO 310 na CO2 2,900 kabla ya tatizo. Kipande cha karatasi cha ukubwa wa kiganja kikiungua kwenye kiungo kimoja, gesi yake inazama ndani ya rundo hilo la uzee wa kawaida usiione. CO iliyopanda ghafla inathibitisha karatasi, lakini iliyotulia haiisafishi karatasi. Pima furani, mabaki ya karatasi inayochakaa, kwenye mafuta hayo hayo, ingawa nayo inaonyesha zaidi uchakavu wa jumla kuliko doa moja.

#20 Mzee wa Bushingi
Kabla ya kufungua chochote, iulize transfoma kwa mzigo. Kiungo kibovu kinachemka kwa mraba wa mkondo. Ukishusha mzigo kutoka asilimia 90 hadi 60, joto linalozalishwa kwenye kiungo linashuka chini ya nusu, na ethilini itapunguza kasi sana. Kiini kilichoshika athi mbili hakijali mzigo, kinafuata volti. Kwa hiyo shusha mzigo wiki mbili, chukua sampuli mwanzo na mwisho, linganisha kasi. Kama mna transfoma pacha hapo kituoni, mpeni mzigo wote yeye, hii ibaki na volti tu. Ikiendelea kutoa gesi bila mzigo, shuku kiini.

Kasi ihesabiwe kwa ujazo. Ppm 530 za ethilini kwenye lita 9,000 ni lita 4.8 za gesi. Kwa miezi sita ni kama mililita 26 kwa siku kwa wastani, lakini wastani huo unaweza kukudanganya. Huenda miezi mitano haikutoka hata tone na yote imetoka mwezi uliopita. Hilo ndilo linaloamua haraka ya kuzima, wala siyo ile 14 ya asetilini.

#21 Kisu cha 33
Na hapo ndipo narudi palepale. Hamjui kasi ya mwezi uliopita, na bado mnataka wiki mbili zaidi. Kontakti ikishaota masizi, upinzani unapanda, inachemka zaidi, masizi yanaongezeka. Mwisho wake ni cheche. T3 ya leo inaweza kuwa D2 ya mwezi ujao.

#22 Mtaa wa Swichi
Hilo la masizi ni kweli kabisa, na ndiyo maana sampuli za wiki mbili zisisubiri wiki mbili. Siku tatu za kwanza chukua kila siku. Asetilini ikipanda kwa kasi kuliko ethilini, nukta ya pembetatu ikaanza kutambaa kuelekea kushoto, zima bila kikao.

#23 Binti Koili
Marejesho. Mzigo ulihamishiwa kwa pacha wake, sampuli tatu za siku tatu hazikuonyesha ongezeko: ethilini 560, 555, 565. Baadaye ikazimwa kwa ratiba tukapima.

Upinzani wa koili: kwenye tapu ya 9, ambayo imekaa muda mrefu bila kuhamishwa, fezi ya kati ilisoma juu ya wenzake kwa asilimia 3. Tukaipeleka tapu chenja juu na chini mara kumi, tofauti ikashuka hadi 1. Tapu nyingine zote zinalingana. Kiini: mega ya volti 500 ilisoma megaohmu 3 tu kwenda athi. Klampu mita kabla ya kuzima ilisoma ampea 0.2.

#24 Sirinji ya Kioo
Kazi safi. Tofauti kati ya 555 na 565 ni kosa la kipimo tu, hamna ongezeko. Bila mzigo imenyamaza, na upinzani umeshuka baada ya kusugua kontakti. Mimi naona selekta. Kontakti za selekta zimo ndani ya mafuta ya tangi kuu, kwa hiyo gesi yake inaonekana hapo moja kwa moja. Asilimia 1 iliyobaki inaniambia masizi hayajaisha.

#25 Pita Juu
Megaohmu 3 kwenye kiini huwezi kuipita kimya kimya. Ikiwa baridi ni megaohmu 3 na ampea 0.2, ikiwa na mzigo na joto la nyuzi 80 chuma kinatanuka na kipande kinaweza kugusa. Na siku tatu bila mzigo mafuta yamepoa, kwa hiyo kunyamaza kwake hakujakitoa kiini kwenye lawama. Mlipima ampea ikiwa na mzigo au baada ya kuuhamisha?

#26 Binti Koili
Baada ya kuhamisha.

#27 Mzee wa Bushingi
Basi kipimo hicho kinarudiwa. Megaohmu 3 inaweza kuwa unyevu au tope chini ya kiini, na haitoi mkondo wa kuchemsha chuma. Lakini @Pita Juu yuko sahihi kwamba haijapimwa ikiwa moto. Irudisheni na nusu ya mzigo, klampu mita ibaki kwenye waya wa athi mchana kutwa, na tapu isogezwe kutoka 9 kwenda 8. Ethilini ikianza kupanda tena kwenye tapu 8 huku ampea ikibaki 0.2, mimi na Sirinji tumekosea na mtafute kiungo cha bushingi.

#28 Kisu cha 33
Na sampuli ya siku ya kwanza ichukuliwe baada ya saa 24, siyo wiki.

#29 Nguzo Tatu
Sasa nimeelewa kwa nini 62 yangu haitoshi. Maabara wanataka sirinji ngapi kwa transfoma moja?

#30 Mtaa wa Swichi
Mbili kutoka valvu ile ile, moja ya akiba. Zikitofautiana sana, sampuli imeharibika, rudia kabla hujaanza kubishana.